Sura ya 6: Nikiongeza Akiba Asilimia Tano Kila Mwaka, Nitakuwa na Ngapi?

Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hapokei mshahara mwisho wa mwezi. Pesa zake huja kwa mkupuo, baada ya mavuno ya Oktoba hadi Desemba, mahindi yakishakauka, yakapukuchuliwa na kuuzwa. Kwa hiyo anapoingia Kitale kuweka akiba, swali lake huwa la mwaka, si la mwezi: "Nikiweka elfu ishirini Desemba hii, halafu kila Desemba nipandishe kwa asilimia tano, baada ya miaka kumi nitakuwa na ngapi?"

Majibu mawili hutolewa upesi, na yote mawili yanakosea. La kwanza ni 20,000 mara 10, yaani 200,000. Limesahau riba na limesahau nyongeza. La pili hutoka kwa anayejumlisha asilimia tano ya nyongeza na asilimia nane ya riba, akapata 13, kisha akakuza pesa zote kwa 13. Huyu amechanganya vitu viwili visivyochanganyika. Nyongeza hutoka mfukoni mwa mkulima, na huigusa amana mpya peke yake. Riba hutoka kwenye chama au benki, na hukuza pesa zote zilizokwisha kulala pale.

## Kasi mbili

Tupange maneno kwanza. Amana ni pesa unayoweka mara moja kwa mwaka. Salio ni jumla ya kila kilichomo kwenye akaunti. Kasi ya riba tutaiita r: ni asilimia inayoongezwa juu ya salio kila mwaka, na tutaiandika kwa desimali, kwa hiyo asilimia 8 ni 0.08. Kasi ya amana tutaiita g: ni asilimia unayopandisha amana yako ukilinganisha na ya mwaka uliotangulia. Asilimia 5 ni 0.05. Amana ya kwanza ni P, na idadi ya miaka ni n.

Nyongeza ya asilimia si sawa na nyongeza ya shilingi. Anayeongeza 1,000 kila mwaka ataweka 20,000, 21,000, 22,000, na mwaka wa kumi atakuwa anaweka 29,000. Anayeongeza asilimia tano ataanza na 20,000 na 21,000 vilevile, lakini amana ya tatu ni 22,050, kwa sababu asilimia tano sasa inahesabiwa juu ya 21,000. Ya nne ni 23,152.50. Mwaka wa kumi ataweka 31,027. Hesabu ya sura hii ni ya huyu wa pili tu. Ukiitumia kwa nyongeza ya shilingi zilezile kila mwaka, jibu litatoka kubwa kuliko litakalokuwa kwenye akaunti.

## Miaka mitatu kwa kalamu

Tumchukue mkulima wa mfano wa Kiminini, nje kidogo ya Kitale. Amana ya kwanza ni 20,000, anapandisha asilimia 5, na riba inayobaki mkononi mwake baada ya kodi ni asilimia 8. Anaweka mwisho wa mwaka.

Mwisho wa mwaka wa kwanza ana 20,000 alizoweka siku hiyo. Hakuna riba bado, maana pesa hazijalala hata siku moja.

Mwaka wa pili, 20,000 zimekua hadi 21,600. Anaongeza amana ya 21,000. Salio ni 42,600.

Mwaka wa tatu, 42,600 zimekua hadi 46,008. Anaongeza 22,050. Salio ni 68,058.

Kanuni ni moja kila mwaka: chukua salio la zamani, lizidishe kwa 1.08, kisha ongeza amana mpya. Mtu mwenye subira anaweza kwenda hivyo mpaka mwaka wa kumi na atapata jibu sahihi kabisa. Fomula inatupunguzia kazi tu, na ukijua inakotoka hutaiogopa.

## Fomula inatoka wapi

Tazama hizo 68,058 tena, lakini uzigawe kufuata amana zilikotoka. Amana ya kwanza imekua miaka miwili: 20,000 × 1.08 × 1.08. Ya pili ilipandishwa mara moja, ikakua mwaka mmoja: 20,000 × 1.05 × 1.08. Ya tatu ilipandishwa mara mbili, haijakua: 20,000 × 1.05 × 1.05. Kila amana ina vizidisho viwili, na tukisogea kutoka amana ya zamani kwenda mpya, 1.08 moja hutoka na 1.05 moja huingia.

Sasa zidisha jumla yote kwa 1.08 na uiandike. Izidishe tena jumla ileile kwa 1.05 na uiandike chini yake. Ukitoa ya chini kutoka ya juu, kila kilicho katikati kinafutana, kwa sababu kipo kwenye mistari yote miwili. Kinachobaki ni 20,000 × (1.08 mara tatu yenyewe) kutoa 20,000 × (1.05 mara tatu yenyewe). Upande wa pili umebaki na jumla tunayoitafuta, mara tofauti ya 1.08 na 1.05, ambayo ni 0.03. Gawanya kwa 0.03 na umepata jibu.

Kuzidisha namba kwa yenyewe mara kadhaa huitwa kuipandisha kwa kipeo, na huandikwa kwa alama ya ^. Kwa hiyo fomula nzima ni hii:

```
Salio = P × ((1 + r)^n − (1 + g)^n) / (r − g)
```

Tuijaribu kwa miaka mitatu tuliyoihesabu kwa kalamu. 1.08^3 ni 1.259712. 1.05^3 ni 1.157625. Tofauti yake ni 0.102087. Igawanye kwa 0.03, unapata 3.4029. Zidisha kwa 20,000: 68,058, ileile hadi shilingi ya mwisho. Jaribio hili la miaka mitatu ni zuri kulifanya kila mara kabla ya kuamini jibu la miaka ishirini. Likikataa, mara nyingi umeandika 8 mahali pa 0.08.

## Miaka kumi ya Kiminini

Sasa swali lenyewe. 1.08^10 ni 2.158925, na 1.05^10 ni 1.628895. Tofauti ni 0.530030, ukigawanya kwa 0.03 unapata 17.66768. Mara 20,000, salio la mwaka wa kumi ni shilingi 353,354.

Kati ya hizo, alizotoa mfukoni ni 251,558. Riba ni 101,796. Kama asingepandisha amana hata kidogo, akaweka 20,000 kila Desemba, angekuwa na 289,731. Kupandisha kumempa 63,622 zaidi, lakini tuseme ukweli wote: 51,558 za hizo ni pesa zake mwenyewe alizoongeza, na takriban 12,000 tu ndizo riba ya nyongeza hiyo. Miaka kumi ni mifupi kwa nyongeza za mwishoni. Hazijapata muda wa kulala.

Kwa miaka ishirini hali hubadilika. Asiyepandisha atafika 915,239. Anayepandisha asilimia tano atafika 1,338,440.

Anayependa kutumia jedwali la kompyuta au simu aandike hivi kwenye kisanduku kimoja, na abadilishe namba zake:

```
=20000*(1.08^10-1.05^10)/(0.08-0.05)
```

## Mfanyabiashara wa Chwele anayekimbia kuliko riba

Sasa twende Bungoma. Mfikirie mfanyabiashara wa soko la Chwele ambaye biashara yake inapanuka, na ameamua kupandisha amana asilimia 12 kila mwaka, huku riba ikiwa ileile 8. Wengi wakifika hapa hukwama, kwa sababu r kutoa g sasa ni −0.04, namba hasi, na wanadhani fomula imevunjika.

Haijavunjika. Juu pia pana namba hasi: 2.158925 kutoa 3.105848 ni −0.946923. Hasi kwa hasi hutoa chanya: 23.67308. Mara 20,000, salio ni 473,462. Ametoa mfukoni 350,975, na amana yake ya mwaka wa kumi itakuwa 55,462. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa kwa makini kabla ya kuahidi asilimia 12: swali ni kama mwaka wa kumi ataweza kutoa zaidi ya elfu hamsini na tano kwa siku moja bila kuula mtaji wa biashara.

Pana hali moja tu ambapo fomula hukataa kabisa, nayo ni r na g zikilingana. Hapo unagawanya kwa sifuri, na kompyuta itaonyesha alama ya kosa. Dawa yake ni nyepesi. Kasi zikilingana, kila amana huishia na thamani ileile siku ya mwisho: ya kwanza ilikua miaka tisa kwa riba ya 8, ya mwisho ilipandishwa mara tisa kwa 8, na zilizo katikati zimegawana hizo mara tisa. Kila moja ni 20,000 × 1.08^9, yaani 39,980. Amana kumi kama hizo ni 399,801.

Hapa ndipo penye kiini cha hesabu hii. Riba ikiwa kubwa kuliko kasi ya amana, amana za mwanzo ndizo zinazobeba salio. Kwa mkulima wa Kiminini, ile 20,000 ya kwanza imeishia kuwa 39,980, ilhali ya mwisho ni 31,027. Kwa mfanyabiashara wa Chwele ni kinyume: ya kwanza ni 39,980 vilevile, lakini ya mwisho ni 55,462. Kwa hiyo mkulima akikosa miaka ya mwanzo ameumia zaidi, na mfanyabiashara akikosa miaka ya mwisho ameumia zaidi.

Kwa kifupi hadi hapa
- r kubwa kuliko g: tumia fomula, amana za mwanzo ndizo nzito.
- r ndogo kuliko g: tumia fomula ileile, hasi zitafutana, amana za mwisho ndizo nzito.
- r sawa na g: salio ni n × P × (1 + r)^(n − 1).

## Desemba au Januari?

Fomula tuliyoitumia inadhani amana inawekwa mwisho wa mwaka. Hiyo inamfaa mkulima wa Kitale, anayeuza mahindi na kuweka pesa Desemba. Chama cha akiba na mikopo kinachohesabu riba kwa kufuata miezi ambayo pesa zimekaa hakitampa kitu kikubwa kwa amana iliyoingia siku chache kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa.

Anayeweka mwanzo wa mwaka, Januari, ameipa kila senti mwaka mmoja zaidi wa kukua. Jibu lake ni lile la fomula lizidishwe kwa 1.08 mara moja tu. Badala ya 353,354 atakuwa na 381,622 mwisho wa mwaka wa kumi. Tofauti ni 28,268.

Lakini Januari ni mwezi wa karo na sare za shule, na mwenye watoto wa sekondari anajua pesa za mwezi huo zinakokwenda. Simshauri mtu ahamishe amana yake Januari kwa ajili ya elfu ishirini na nane za baadaye kama atalazimika kukopa karo. Ninachotaka ni kwamba anayeweka Desemba asijihesabie kwa fomula ya Januari, kisha mwaka wa kumi adhani ameibiwa.

## Riba isiyokaa

Kosa linalopoteza pesa nyingi zaidi halimo kwenye kikokotoo. Fomula inadhani riba ya kila mwaka inabaki kwenye salio na yenyewe izae riba. Katika vyama vingi, baada ya mkutano mkuu wa mwaka, riba ya akiba hulipwa kwenye akaunti nyingine ya mwanachama, ile ya kutoa na kuweka, au hutumwa kwa simu. Mwanachama huipokea kwa furaha, na inatumika.

Mkulima wetu wa Kiminini akilipwa riba hivyo, kwa miaka kumi atapokea jumla ya 82,493, badala ya 101,796 za riba iliyokaa. Na mwisho wa mwaka wa kumi salio lake litakuwa 251,558 tu, yaani zilezile alizoweka. Hizo 82,493 zilishapita mikononi.

Kulitambua kosa hili ni rahisi. Chukua taarifa ya akaunti ya akiba. Jumlisha amana zote ulizoweka kwa kalamu yako. Ukiona salio linalingana sawasawa na jumla hiyo, riba yako haibaki humo, na fomula hii si yako mpaka uombe riba irudishwe kwenye akiba, au uirudishe mwenyewe mwaka huohuo.

Kagua pia r yenyewe. Kiwango kinachotangazwa si lazima kiwe kinachokufikia. Kwa riba ya amana za benki nchini Kenya, mkazi hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla ya kulipwa, kwa hiyo 8 iliyotangazwa ni 6.8 mkononi. Weka 0.068 kwenye fomula, si 0.08. Na usichanganye riba ya akiba na gawio la hisa, ambalo hulipwa kwa mtaji wa hisa na huwa na kiwango chake.

## Kwa nini asilimia tano?

Sikuichagua tano kwa kubahatisha. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa bei za vitu kwa ujumla, wa asilimia 5, ikiruhusu 2.5 juu au chini. Amana inayopanda kwa kasi ya bei inabaki na nguvu ileile ya kununua: 31,027 za mwaka wa kumi zitanunua kile kilichonunuliwa na 20,000 za mwaka wa kwanza, ikiwa bei zitakuwa zimepanda asilimia tano kila mwaka.

Hesabu inakuwa wazi zaidi tukirudisha salio lote kwenye bei za siku ya amana ya kwanza. Gawanya 353,354 kwa 1.05^9, ambayo ni 1.551328, unapata 227,775. Amana zake kumi, kila moja ikiwa na uzito wa 20,000 za siku ile, ni 200,000. Kwa hiyo faida halisi ya miaka kumi ni kama elfu ishirini na nane, si laki moja. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kupangia maisha. Na hata tano ni lengo, si ahadi: Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 9.6.

## Mahindi hayapandi kwa asilimia tano

Bei ya gunia haifuati ratiba yetu. Gunia la kilo 90 ambalo serikali ililinunua kwa shilingi 3,200 msimu wa 2017 lilitangaziwa bei ya 2,300 mwaka 2018, kabla ya bei hiyo kupandishwa hadi 2,500. Mkulima ambaye amana yake ya 20,000 ilitoka kwenye gunia sita na robo angehitaji gunia zaidi ya tisa kupata 21,000 kwa bei ya 2,300. Kwa shilingi alipanda asilimia tano. Kwa magunia alipanda karibu asilimia 46. Ongeza mwaka wa viwavijeshi vamizi, kama 2017 walipoingia mashamba ya magharibi mwa Kenya, na utaona kwamba kuna Desemba amana haitawekwa.

Tuseme mkulima wa Kiminini amekosa mwaka wa nne. Fomula moja haiwezi tena kubeba miaka yote kumi, lakini vipande viwili vinaweza. Mwisho wa mwaka wa tatu alikuwa na 68,058. Hizo zikue peke yake kwa miaka saba iliyobaki: 68,058 × 1.08^7 ni 116,639. Kisha hesabu amana sita, za mwaka wa tano hadi wa kumi, kama mfululizo mpya.

Hapo ana njia mbili. Akirudi pale ambapo ratiba ingekuwa imefika, mwaka wa tano ataweka 24,310, na amana sita zitafika 199,974. Jumla ni 316,613. Akirudi kwa amana aliyoikosa, 23,152.50, kila amana inayofuata nayo imechelewa mwaka mmoja, na jumla ni 307,091. Njia ya kwanza inapoteza 36,740 ukilinganisha na ratiba isiyokatika, ya pili inapoteza 46,263. Tofauti kati ya kurudi huku na kule ni shilingi 1,157.50 tu Desemba ya mwaka wa tano, karibu nusu ya gunia kwa ile bei ya 2,300.

Na kama lengo limeshapangwa, geuza fomula. Anayetaka 500,000 kwa miaka kumi, kwa r ya 8 na g ya 5, agawanye 500,000 kwa 17.66768: amana ya kwanza iwe 28,300. Riba ikibadilishwa katikati ya safari, afanye kama mwaka uliokosekana: salio alilonalo alikuze kwa riba mpya kwa miaka iliyobaki, amana zijazo azihesabu upya kwa riba hiyohiyo, kisha ajumlishe na aone amebakiza ngapi kufika laki tano.